Injini ya boti iliyouzwa kama mpya kumbe imeshatumika: jinsi ya kuitambua na kulijenga dai lako

Mwezi wa Februari kikundi chetu cha wavuvi wa dagaa hapa Kayenze, wilayani Ilemela, kilinunua injini ya boti ya HP 15 katika duka moja mjini Mwanza kwa shilingi 6,200,000. Ilikuwa ndani ya boksi, rangi inang'aa, na kitabu cha maelekezo kikiwa kwenye mfuko wake wa plastiki. Siku tatu baadaye tulikuwa na hakika kwamba injini ile ilikuwa imeshafanya kazi mahali pengine, tena si katika ziwa hili. Mwongozo huu unaeleza tulivyofika kwenye hakika hiyo na tulivyoijengea hoja hadi muuzaji akakubali. Nimeuandika kwa ajili ya injini za kupachika nyuma ya boti, zile za stroki mbili ambazo wengi wetu huziita mashine tu, kwa kuwa ndizo ninazozifahamu.

Kwanza kabisa, usiiwashe

Anayepata mashaka kuhusu injini mpya huwa na haraka ya kuifunga kwenye mtumbwi aone inavyokwenda. Haraka hiyo humharibia dai kwa namna mbili.

Ya kwanza ni ya kisheria. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kitu kinachouzwa kwa maelezo fulani lazima kilingane na maelezo hayo, na neno "mpya" ni sehemu ya maelezo. Kisipolingana, mnunuzi anaweza kukikataa na kudai fedha yake yote. Hata hivyo haki hiyo ya kukataa hupotea pale mnunuzi anapokuwa amekipokea kitu kwa maana ya kisheria, yaani ama amesema kwamba amekikubali, ama amekitumia kama mwenye mali, ama amekaa nacho zaidi ya muda unaofaa bila kusema lolote. Kukikagua si kukipokea. Lakini ukienda kuvua kwa injini hiyo wiki mbili ndipo ulalamike, yaelekea utabaki na dai la fidia tu, yaani tofauti kati ya thamani ya injini mpya na thamani ya hiyo uliyopewa, na kuthibitisha tofauti hiyo ni kazi ngumu kuliko kurudisha mzigo.

Namna ya pili ni ya ushahidi. Dalili nyingi zinazoonyesha kwamba injini imetumika ni zilezile ambazo usiku mmoja wa kuvua ungeziacha: masizi kwenye pistoni, rangi iliyochubuka kwenye propela, alama za vibano. Baada ya usiku huo hakuna fundi atakayeweza kuapa kwamba alama hizo zilikuwepo tangu dukani.

Kwa hiyo iache injini mahali pakavu, imefungwa kwenye stendi au imelazwa upande ambao kitabu cha maelekezo kinauruhusu. Lihifadhi boksi lote pamoja na plastiki, kamba na maboya ya kuzuia mtikisiko. Risiti ya EFD ipigwe picha na itolewe nakala siku hiyohiyo, kwa sababu karatasi yake huchapwa kwa joto na maandishi hufifia, hasa ikiachwa kwenye dashibodi ya gari au mfuko wa shati. Ukaguzi wa risiti hufanyika katika tovuti ya TRA, verify.tra.go.tz, kwa kuingiza namba ya uhakiki iliyoandikwa juu yake; ikionekana huko, muuzaji hawezi kuikana.

Picha kabla ya spana

Piga picha kabla hujafungua hata skrubu moja. Anza na injini nzima pande zote nne, kisha kibati cha namba, kisha kila alama unayoitilia shaka. Kila alama ipigwe mara mbili: kwanza kwa mbali ili ionekane iko sehemu gani ya injini, halafu kwa karibu ikiwa na rula au sarafu pembeni ili ukubwa wake ujulikane. Mafaili yenyewe yabaki kwenye simu na nakala moja iwekwe kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu. Picha zinazotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kupoteza taarifa za tarehe zilizomo ndani ya faili, kwa hiyo nakala uliyomtumia mwenzako isiwe ndiyo pekee iliyobaki.

Linganisha namba ya injini iliyo kwenye kibati na ile ya kwenye boksi, kadi ya waranti na risiti. Zikitofautiana, una jambo zito mkononi. Zikilingana, usikate tamaa, kwa sababu boksi huweza kuchapwa stika. Kitazame kibati chenyewe: ribiti zake zina mikwaruzo? Kuna rangi iliyopita juu ya kingo zake? Namba hiyo inaweza pia kupelekwa kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza injini ili akueleze ilitengenezwa lini na kama imewahi kusajiliwa waranti kwa jina la mtu mwingine. Tahadhari moja: mwaka wa kutengenezwa peke yake hauthibitishi kwamba injini imetumika. Injini iliyokaa stoo miaka minne bila kuguswa ni mpya iliyochakaa kwa umri, na dai lake ni jingine.

Dalili zipi zina uzito

Hapa ndipo wengi hukosea. Huorodhesha kila mkwaruzo wanaouona, wanampelekea muuzaji mambo ishirini, naye anajibu matatu yaliyo dhaifu na kuonekana ameyajibu yote. Ni afadhali mambo matatu ambayo hayana maelezo mengine yoyote. Ili kuyapata, ujiulize kwa kila alama: je, kiwanda, safari au stoo vingeweza kuisababisha?

Swali hilo ni la lazima kwa sababu injini za boti hujaribiwa kiwandani kabla ya kufungwa kwenye boksi. Huwashwa kwa muda mfupi ndani ya tangi la maji. Hivyo utakuta mafuta kidogo yaliyoungua kwenye njia ya moshi, plagi zenye wingu jepesi la weusi, na pengine matone ya maji ndani ya mguu. Mnunuzi anayekimbilia kusema "plagi ni nyeusi, basi imetumika" atajibiwa mara moja, na kwa haki.

Plagi zina udhaifu mwingine. Anayekarabati injini ili aiuze kama mpya hubadilisha plagi kwanza, kwa kuwa ni rahisi na ndizo zinazotazamwa na kila mtu. Plagi mpya hazithibitishi chochote. Kinachofaa ni kuzifungua na kuchungulia ndani kwa kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu. Majaribio ya kiwandani huacha juu ya kichwa cha pistoni unyevu wa mafuta na doa jembamba linalofutika. Injini iliyofanya kazi kwa miezi huwa na tabaka gumu la masizi, lililoshika kama ukoko wa sufuria, na mara nyingi limebanduka vipande kwenye ukingo. Kuna pia alama ndogo yenye nguvu kuliko zote. Silinda ikichakaa, fundi huichonga na kuitanua, kisha huweka pistoni kubwa kidogo. Pistoni hizo huwa na namba kama 0.25 au 0.50 juu ya kichwa. Ukiikuta namba hiyo katika injini ya boksi, maelezo mengine hayapo tena.

Baada ya hapo tazama rangi. Rangi mpya si kosa. Kosa ni mahali ilipofika. Karibu na propela kuna kipande cha zinki, ambacho hufungwa ili kiliwe na maji badala ya mwili wa injini kuliwa. Zinki hufanya kazi kwa kugusana na maji moja kwa moja, na ikipakwa rangi haina kazi tena. Kwa sababu hiyo hakuna kiwanda kinachoipaka. Anayepuliza rangi kwenye injini iliyokwishaunganishwa, akiwa na haraka, huipita nayo. Utaona hivyohivyo rangi kwenye mipira ya mafuta, kwenye ganda la waya, na kwenye kingo za stika. Zifute sehemu hizo kwa kitambaa kikavu, uzipige picha, na usikwangue.

Vibano vinavyoshika ubao wa nyuma ya boti navyo husema mengi. Sahani zake za duara huukandamiza ubao, na baada ya miezi ya mtikisiko chuma hung'aa au huacha duara lililochimbika, ambalo rangi mpya hulifunika bila kulijaza. Pitisha kucha juu yake utalihisi. Alama nyepesi, lakini, inaweza kutokana na stendi ya kiwandani au ya dukani, kwa hiyo dalili hii iwe ya kuunga mkono tu.

Zipo dalili mbili ambazo mafundi hupenda kuzitaja na ambazo ningeshauri uziache. Moja ni mapezi ya mpira ya pampu ya maji kuwa yamejikunja upande mmoja. Hujikunja hata kwa injini ambayo haijawahi kutumika, kwa sababu tu yamekaa ndani ya kasha lake. Michirizi kwenye chuma cha kasha hilo ndiyo ushahidi, kwa kuwa huchimbwa na mchanga, ila kuifikia kunahitaji kushusha mguu, na hilo lisifanyike bila muuzaji kuwepo. Nyingine ni kipimo cha mgandamizo wa silinda. Kikiwa chini, au silinda mbili zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, ni dalili mbaya. Kikiwa kizuri hakithibitishi upya, kwani ringi mpya huurudisha mgandamizo.

Chumvi katika ziwa lisilo na chumvi

Kwa sisi wa kanda hii ipo dalili ambayo watu wa pwani hawana, na ndiyo iliyotushindia. Ziwa Viktoria ni maji baridi. Injini iliyofanya kazi baharini hupoozwa kwa maji ya chumvi, na chumvi hiyo huganda ndani ya njia za maji, hasa nyuma ya kifuniko cha thamostati, ambako anayepuliza rangi ya nje hafiki. Ukikuta ukoko mweupe pale katika injini uliyoinunua Mwanza, maji yaliyouacha hayakuwa ya hapa.

Fundi wetu alipofungua kifuniko kile, mbele ya mashahidi wawili, alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hii imetoka kwenye maji ya chumvi." Mimi ni mwalimu mstaafu wa kemia, na sikutaka kuamini kwa macho peke yake, kwa sababu aluminiamu inayoliwa nayo hutoa unga mweupe. Tofauti yake ni rahisi: unga wa aluminiamu hauyeyuki katika maji, chumvi huyeyuka. Tulikwangua kiasi cha nusu kijiko cha chai, nusu yake tukaihifadhi katika kichupa kilichofungwa na kuandikwa tarehe, nusu tukaiyeyusha katika maji ya betri, ambayo yametolewa madini. Maji ya bomba hayafai kwa kazi hii kwa kuwa yana kloraidi yake yenyewe. Sehemu kubwa iliyeyuka.

Katika maabara ya shule ya sekondari niliyowahi kufundisha tuliyachuja maji yale, tukaongeza matone ya asidi ya naitriki iliyozimuliwa, kisha matone ya silva naitreti. Mara moja likatokea wingu jeupe zito. Katika bomba la pili lenye maji ya betri matupu, pamoja na asidi ileile na silva naitreti ileile, hakukutokea kitu. Bomba hilo la pili ndilo linaloyapa majaribio maana yake. Bila hilo muuzaji atasema kwamba uchafu ulikuwa kwenye maji. Na asidi huwekwa ili kabonati isijifanye kloraidi. Majaribio haya yanaonyesha kwamba kuna kloraidi, hayaonyeshi ilitoka bahari gani, na katika ripoti tulisema hivyo wazi.

Ripoti ya fundi

Fundi awe mtu asiye na duka linaloshindana na la muuzaji, na asiwe ndugu yako. Ripoti isizidi kurasa mbili. Itaje jina lake na uzoefu wake, tarehe na mahali pa ukaguzi, namba ya injini, hali ya boksi ilipofunguliwa, kila alichokiona na namba ya picha inayokionyesha, na nani walikuwepo. Mwishoni atoe maoni yake, lakini ayatenganishe na aliyoyaona. "Zinki imefunikwa rangi nyeusi" ni alichokiona. "Injini imepakwa rangi upya baada ya kuunganishwa" ni maoni. Muuzaji anaweza kubishana na maoni, hawezi kubishana na zinki.

Ripoti yetu ilieleza pia yaliyokuwa upande wa muuzaji: mgandamizo ulikuwa sawa kwa silinda zote mbili, hakukuwa na namba juu ya pistoni, na mafuta ya gia yalikuwa safi. Baadhi ya wanakikundi walitaka mambo hayo yaondolewe. Niliyaacha, na muuzaji alipoyatumia baadaye kama utetezi, hayakuwa na ugeni wowote kwetu.

Barua ya kukataa

Usiishie kwenye simu. Andika barua, itume kwa WhatsApp na ipelekwe pia dukani kwa mkono, nakala yako isainiwe na aliyeipokea. Akikataa kusaini, shahidi aandike hivyo hapohapo. Mawasiliano ya simu hayana budi kuhifadhiwa yote, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa aina hiyo kutumika kama ushahidi. Kiini cha barua yetu kilikuwa hiki:

> YAH: KUKATAA INJINI YA BOTI YA HP 15
>
> Tarehe 10 Februari tulinunua kwenu injini tajwa kwa shilingi 6,200,000, kwa risiti ambayo nakala yake imeambatishwa. Iliuzwa kwetu kama injini mpya, kama inavyoonekana katika tangazo lenu na katika ujumbe wenu wa tarehe 8 Februari.
>
> Ukaguzi wa tarehe 12 Februari umeonyesha kwamba zinki na mipira ya mafuta imepuliziwa rangi, kwamba pistoni zina tabaka gumu la masizi, na kwamba njia ya maji ina chumvi iliyoganda. Injini haijawashwa wala kutumika tangu ilipotoka dukani kwenu. Ripoti na picha zimeambatishwa.
>
> Kwa kuwa injini hailingani na maelezo iliyouzwa nayo, tunaikataa, na tunaomba turudishiwe fedha yote ndani ya siku 7. Injini ipo kwetu kwa uangalizi, na mnakaribishwa kuikagua au kuichukua siku yoyote kwa taarifa ya siku moja.

Neno "tunaikataa" lisikosekane. Barua inayosema "tunalalamika" au "tunaomba msaada wenu" huacha shaka kama umeikubali injini au la. Ukishatoa taarifa hiyo, hulazimiki kuibeba injini kuirudisha kwa gharama yako, isipokuwa mlikubaliana hivyo. Unachotakiwa ni kuitunza na kutoitumia.

Majibu utakayopewa

Muuzaji wetu alikuwa na majibu matano, na nadhani wengine watakutana nayo kwa mpangilio unaofanana.

Alianza kwa kusema, "Mzee, injini zote hujaribiwa kiwandani." Tulikubali. Kisha tukamwomba aeleze jinsi majaribio ya dakika chache kwenye tangi yanavyogandisha chumvi nyuma ya thamostati na kuweka rangi juu ya zinki. Kukubali sehemu ya kweli ya hoja yake kulitusaidia zaidi kuliko kubisha.

Jibu lake la pili lilikuwa kwamba kontena lilipita baharini. Hilo lingeeleza kutu kwenye bolti ya nje. Hewa ya bahari haiingii nyuma ya kifuniko kilichofungwa kwa gasketi ikaacha huko ukoko wa nusu kijiko.

Alipoona hivyo alituonyesha maandishi yaliyo chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Maneno haya yamewanyamazisha wengi bure. Yanamzuia mtu aliyebadilisha nia, aliyenunua HP 15 akatamani HP 25. Hayageuzi injini iliyotumika kuwa mpya, na muuzaji hakutoa kile alichokubali kukiuza. Tulimwuliza kama angetuandikia kwenye risiti ileile kwamba injini hiyo ni ya mtumba. Hakujibu.

La nne ndilo gumu, kwa sababu lina sura ya ukarimu: "Inafanya kazi vizuri, ina waranti ya mwaka mzima, ikileta shida tutaitengeneza." Waranti ni ahadi juu ya siku zijazo, na dai letu lilihusu siku zilizopita. Hatukusema kwamba injini ni mbovu. Tulisema si mpya. Ukianza kubishana kuhusu ubora utashindwa, kwa kuwa injini iliyokarabatiwa vizuri huenda kweli ikaenda vizuri. Ukikubali itengenezwe, andika kwanza kwamba hujaacha haki yako ya kuikataa, vinginevyo kukubali huko kunaweza kusomwa kama umeipokea.

Mwisho alitoa shilingi 500,000 ili tumalizane. Hapa unahitaji hesabu yako mwenyewe. Tulikuwa tumeuliza bei kwa maandishi katika maduka mawili mengine: injini ya aina ileile ya mtumba, iliyokarabatiwa, ilikuwa kati ya shilingi 3,300,000 na 3,600,000. Tukichukua bei ya juu, ambayo inampendelea muuzaji, tofauti ni 6,200,000 toa 3,600,000, yaani shilingi 2,600,000. Tulimwambia kwamba tungeweza kubaki na injini kwa punguzo la kiasi hicho, au airudishe fedha yote. Laki tano haikuwa na msingi wowote aliouweza kuueleza.

Akikataa kabisa

Kuna milango miwili, na yote inaweza kubishwa kwa pamoja. Tume ya Ushindani, ambayo wengi huijua kama FCC, ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza na hupokea malalamiko ya wanunuzi waliopotoshwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mlango huo hufaa zaidi pale duka linapoendelea kuuza injini za namna hiyo kwa wengine. Kwa fedha yako mwenyewe, dai la kiwango kama chetu linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili. Peleka risiti, tangazo, barua iliyosainiwa, ripoti, kichupa cha sampuli, na fundi mwenyewe. Ripoti bila fundi wa kuulizwa maswali hupungua nguvu. Polisi ni kwa ajili ya udanganyifu wa jinai, kama kibati cha namba kilichobadilishwa, na kuwahusisha mapema bila ushahidi huo humfanya muuzaji afunge mdomo wakati ungali unahitaji azungumze.

Sisi hatukufika huko. Siku ya tano baada ya barua, muuzaji alikuja Kayenze na fundi wake, wakaitazama zinki kwa muda mrefu bila kusema kitu, na keshoye akatupigia kwamba atabadilisha injini. Alikataa kulipa shilingi 145,000 tulizotumia kwa fundi, usafiri na maabara. Tulijadiliana kama kikundi tukaamua kuziacha, ingawa mweka hazina wetu hajaridhika hadi leo. Makubaliano tuliyaandika, yakataja namba za injini zote mbili, na injini ya kwanza haikutoka mikononi mwetu hadi ya pili ilipokaguliwa.

Ya pili tuliikagua palepale dukani kabla ya kusaini. Boksi lilifunguliwa mbele yetu, namba zikalinganishwa, tukaangalia zinki, vibano na mipira ya mafuta kwa tochi, plagi zikatolewa na kamera ikaingizwa. Kazi yote ilichukua kama dakika 25. Kwenye risiti mpya tulimwomba karani aandike aina ya injini, namba yake, na neno "MPYA" kwa herufi kubwa, naye akaandika.